Muhtasari wa modeli za masoko: ipi itumike lini (maandalizi ya mtihani wa mwisho wa muhula, stashahada ya biashara, mwaka wa pili)

Katika mtihani wa masoko, alama nyingi hupotea si kwa sababu mwanafunzi hajui modeli, bali kwa sababu ameleta modeli isiyojibu swali. Kabla ya kuandika lolote, tafuta swali linahusu nini: mazingira ya biashara, ushindani katika sekta, uchaguzi wa wateja, mwelekeo wa ukuaji, au utekelezaji sokoni. Kila moja kati ya hayo lina modeli yake, na muhtasari huu umepangwa kwa kufuata maswali hayo.

Mazingira ya nje: PESTEL

Itumie swali linapouliza mambo yaliyo nje ya uwezo wa kampuni, yaani siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira asilia na sheria. Mfano mzuri ni katazo la mifuko ya plastiki Tanzania Bara lililoanza tarehe 1 Juni 2019. Kwa mtengenezaji wa mifuko hiyo lilikuwa pigo la kisheria lenye chimbuko la kimazingira, ilhali kwa mshonaji wa mifuko ya kitambaa lilifungua soko jipya. Jambo moja linaweza kuingia katika vipengele viwili, na mtahini hajali sana umeliweka wapi, mradi ueleze athari yake kwa biashara iliyotajwa. Kuorodhesha vipengele sita bila kueleza athari ni kujaza karatasi tu.

Hali ya kampuni: SWOT

Hii ndiyo modeli inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa kuwa wengi huikimbilia hata pasipohitajika. Mahali pake ni pale swali linapotoa kisa cha kampuni moja na kutaka utathmini nafasi yake kabla ya kuchagua mkakati. Nguvu na udhaifu ni mambo ya ndani; fursa na vitisho hutoka nje. Tuchukue kikundi cha Mwanza kinachofungasha dagaa: nguvu yake ni ukaribu na wavuvi, udhaifu ni kukosa alama ya ubora ya TBS, fursa ni maduka makubwa ya mijini yanayohitaji dagaa waliofungashwa, na kitisho ni mvua zinazovuruga uanikaji. Zingatia kwamba «kufungua tawi Dodoma» si fursa, ni uamuzi. Fursa ni mahitaji yaliyopo Dodoma. Jibu linalopata alama za juu huunganisha visanduku, kwa mfano kuonyesha kwamba kikundi hakiwezi kuifikia fursa ya maduka makubwa bila kwanza kuondoa udhaifu wa alama ya ubora.

Ushindani katika sekta: nguvu tano za Porter

Michael Porter aliichapisha modeli hii mwaka 1979. Itumie swali linapouliza kama sekta ina faida ya kutosha kumvutia mtu kuingia, au kwa nini faida katika sekta fulani inapungua. Usiitumie kuieleza kampuni moja moja.

Chukua biashara ya mabasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Ushindani wa mabasi yenyewe kwa yenyewe ni mkali. Abiria ana nguvu, kwa kuwa kuhama kutoka basi moja hadi jingine hakumgharimu chochote. Mafuta ni gharama kubwa ambayo mmiliki wa basi hana sauti nayo. Washindani wapya huzuiwa kwa kiasi fulani na bei ya basi na leseni ya LATRA. Nguvu iliyobadilisha hesabu yote ni huduma mbadala: treni ya umeme ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, abiria alipata njia nyingine ya kusafiri, na kwa kuwa nauli za mabasi husimamiwa na mamlaka, mmiliki hawezi kufidia abiria waliopungua kwa kupandisha nauli apendavyo. Mwisho wa jibu lazima useme sekta inavutia au haivutii. Wengi huishia kuzitaja nguvu tano na kuacha hukumu.

Uchaguzi wa wateja: kugawanya, kulenga na kujipambanua

Hatua hizi tatu hufuatana na hazipinduliwi. Zitumie swali linapouliza bidhaa ni ya nani. Mtengenezaji wa juisi ya ukwaju mjini Tanga anaweza kuligawa soko katika wanafunzi, wafanyakazi wa ofisi na kumbi za harusi; akachagua kumbi kwa kuwa huagiza kwa wingi na kwa tarehe inayojulikana; kisha akajitambulisha kama mtengenezaji wa juisi halisi isiyo na rangi ya kuongezwa, inayofika ukumbini ikiwa ya baridi. Kujipambanua si kaulimbiu, bali ni nafasi ambayo bidhaa inashika akilini mwa mteja ikilinganishwa na za washindani.

Mwelekeo wa ukuaji: matriki ya Ansoff

Igor Ansoff aliieleza mwaka 1957, na huulizwa kila swali linapotaja «kukua» au «kupanua». Huangalia mambo mawili tu: je, bidhaa ni ya zamani au mpya, na je, soko ni la zamani au jipya? M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007, inatosha kueleza visanduku vitatu. Kumshawishi mteja aliyekwisha kujisajili atume fedha mara nyingi zaidi ni kupenya soko. Kuipeleka huduma ileile Tanzania mwaka 2008 ni kuendeleza soko. Kumpa mteja yuleyule akiba na mikopo kupitia M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ni kuendeleza bidhaa. Kwa kisanduku cha nne, cha bidhaa mpya katika soko jipya, mfano wa karibu ni kundi la Bakhresa, lililojulikana kwa unga na vyakula, kuingia katika televisheni kwa Azam. Hatari huongezeka kadiri kampuni inavyoacha kile inachokijua, na sentensi hiyo ikikosekana jibu halijakamilika.

Bidhaa nyingi za kampuni moja: matriki ya BCG

Itumie pale tu swali linapotoa takwimu za bidhaa kadhaa. Sehemu linganifu ya soko hupatikana kwa kugawa sehemu yako kwa ile ya mshindani mkubwa: kiwanda cha mikate chenye 30% dhidi ya mshindani mwenye 20% kina 1.5, na kwa kuwa ni zaidi ya 1, kinaongoza. Iwapo soko la mikate halikui tena, mkate ni ng'ombe wa maziwa, na fedha zake hulisha bidhaa changa kama keki za harusi.

Mzunguko wa maisha ya bidhaa

Hufaa kueleza kwa nini mkakati hubadilika na wakati. Vocha za kukwangua zimo katika kudorora tangu watu waanze kununua salio kwa simu. Hapo kampuni hupunguza gharama, haiongezi matangazo.

Utekelezaji: mchanganyiko wa masoko

Bidhaa, bei, mahali na promosheni, kama McCarthy alivyozipanga mwaka 1960, hutumika baada ya kundi lengwa kuchaguliwa. Swali likihusu huduma, ongeza watu, mchakato na ushahidi unaoonekana: kwa mteja wa fedha za simu, hivyo ni wakala, ujumbe wa kuthibitisha muamala, na kibanda chenye rangi ya kampuni. Vipengele hivi lazima vikubaliane; sabuni ya bei ya juu inayouzwa kwenye meza ya barabarani humchanganya mnunuzi.

Tangazo: AIDA

Ni kwa swali la kubuni au kuhakiki tangazo pekee: kuvuta macho, kuamsha shauku, kujenga hamu, kisha kumwelekeza mteja hatua ya kuchukua. Bango la saluni lenye picha nzuri na ofa ya Jumatano, lakini lisilo na namba ya simu wala mahali ilipo, limekosa hatua ya mwisho.