Tangazo la mtoto, nimelifupisha

Mdogo wangu Hamisi, hongera tena baba. Nimeusoma ule ujumbe ulionitumia nikuangalizie kabla hujauweka kwenye kundi la ukoo. Nimecheka, nimelia, halafu nikampigia Zuhura nimuulize yeye mwenye mwili wake. Nimekurudishia wa kwako hapa chini ulivyo, ili tuongee tukiwa tunaona kitu kimoja.

Wako:

"Assalaam alaykum wana ukoo wote. Hatimaye Mungu amejibu! Baada ya machozi ya mwaka jana ambayo wengi mnayajua, mke wangu Zuhura amejifungua kwa operesheni usiku wa kuamkia Jumatano baada ya kuhangaika saa 19, presha ilipanda na damu ikampungua akaongezwa chupa 2. Mtoto wa kike kilo 2.9, anaitwa Mwanakombo jina la marehemu mama. Wamelazwa hospitali ya mkoa, wodi ya wazazi, kitanda cha pili kutoka dirishani, wakitoka Ijumaa watakuwa nyumbani Makorora, ile nyumba ya geti la bluu nyuma ya msikiti. Mimi niko njiani kwenda Tunduma na mzigo hadi Jumapili, kwa hiyo mfikeni mumsaidie mwenzenu. Mwenye chochote cha mkono wa pongezi atume kwenye namba ya mama mtoto. Picha hiyo hapo. Wajulisheni na wengine."

Furaha yako naiona, na sitaki kuizima. Lakini lile kundi lina watu 214, na nusu yao mimi siwajui kwa sura. Ulichoandika kitafika Lushoto, Mombasa na Muskati kabla gari lako halijafika Makambako.

Neno la kwanza nililolifuta ni "hatimaye". Mtu akilisoma anaanza kuhesabu: wameoana lini, mbona wamechelewa, kulikuwa na nini? Na yale ya mwaka jana ndiyo usiyaguse kabisa. Nilipomsomea Zuhura mstari ule alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akaniambia, "Wifi, hilo ni langu." Basi, ni lake. Ajabu ni kwamba operesheni yenyewe haimsumbui. Anasema kila atakayemwona akiinuka kitandani atajua tu. Ila chupa za damu na presha hataki, kwa sababu mama yake mkubwa alipasikia hapo tu kwenye simu, akaangua kilio kama msibani.

Picha umeiangalia vizuri? Ikuze. Mkono wa kushoto wa mtoto una kile kibangili cha hospitali, jina la mama lote na namba ya faili zinasomeka. Nyuma yake yuko mzazi wa kitanda cha jirani, kifua wazi, ananyonyesha. Yule ni mke wa mtu. Zuhura anasema picha isubiri arobaini, na bibi naye anasema hivyo hivyo kwa sababu zake za macho ya watu. Kwa mara ya kwanza tangu uoe, wawili hao wamekubaliana jambo.

Jina nimelitoa pia. Najua moyo wako uko kwa mama, na mimi mama yangu ni huyo huyo. Ila baba ndiye atakayelitamka siku ya saba, na akilikuta limeshazagaa kwenye simu za vijana atanuna mpaka mbuzi wa akika achinjwe na ameliwa.

Na geti la bluu, Hamisi! Umewaeleza watu 214 nyumba ilipo, umewaambia ndani kuna mzazi mwenye mshono, halafu ukamalizia kwamba mwanaume hayupo hadi Jumapili. Msaada usiwe na wasiwasi nao, mimi napanda basi la kesho asubuhi na da Mwanaidi analala pale leo. Namba ya pesa nayo iache: mtu akiiandika tu kwenye simu yake anatokewa na majina yake yote. Wa kutuzwa atatuzwa, mwenye nia ataniuliza mimi.

Najua utaniambia mficha uchi hazai. Sawa, lakini huyu ameshazaa.

Sasa huu ndio wa kuweka kwenye kundi la ukoo. Zuhura ameusikia neno kwa neno na amesema ndiyo:

"Assalaam alaykum ndugu zetu.

Alhamdulillah, nyumba ya Hamisi na Zuhura imepata binti. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, na baba yake hajui acheke au alie.

Kwa sasa wanapumzika. Siku ya kwenda kuwaona tutawaambia hapa hapa, na jina mtalisikia akikani, inshaallah. Picha tutaiweka wenyewe muda wake ukifika.

Mtuombee dua. Salamu na maswali yapitie kwa shangazi yake mtoto."

Hicho kipande cha kucheka na kulia nimekiongeza ili wajue ni wewe. Bila hicho ulikuwa unasomeka kama tangazo la mkutano wa kijiji.

Wa shuleni kwa Zuhura ni mfupi zaidi. Mwalimu mkuu ameshapelekewa karatasi za likizo, wenzake hawahitaji zaidi ya hapa:

"Walimu wenzangu, nafurahi kuwajulisha kuwa nimejifungua salama mtoto wa kike. Nimeanza likizo yangu ya uzazi ya siku 84. Kwa sasa simu nitaishika mara chache, msinione nimewatupa. Darasa la nne wapeni salamu zangu, waambieni daftari zao nitaziulizia."

Huo atautuma mwenyewe akipenda. Usimtumie wewe.

Halafu kuna wale watakaokuja pembeni. Unawajua: "Kajifungua kawaida?" "Kilo ngapi?" "Kafanana na nani, mbona hamtuonyeshi?" Usiandike maelezo wala usigombane. Wajibu hivi, kila mmoja:

"Wote wazima, tunamshukuru Mungu. Asante kwa kutukumbuka."

Akiuliza mara ya pili, rudia hiyo hiyo. Kwa shangazi Bi Mkubwa wa Pangani pekee ndiyo upige simu, kwa sababu yeye ujumbe huwa anasomewa na mjukuu, na mjukuu ndiye redio ya mtaa.

Jambo moja la nje ya tangazo. Mwambie bosi wako leo hii, kwa maandishi, kwamba umepata mtoto. Sheria ya kazi inakupa siku 3 za likizo ya uzazi kwa baba, na unatakiwa uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Ukirudi Jumapili bado umo ndani, ila usisubiri mpaka ufike ndipo uombe, watakupakia mzigo mwingine wa Tunduma.

Ule ujumbe wako wa kwanza usiufute kwenye simu. Uhifadhi. Zuhura alinisimamisha pale ulipoandika "mwenzenu", akaniomba nikisome tena kipande hicho, na akacheka huku anashika mshono.

Nijibu ukisimama Iringa. Na kama kanga za kumfungia mtoto hazijanunuliwa niambie sasa hivi, maduka ya huku yanafungwa saa mbili.