Barua kwa wazazi wa Darasa la Tano: Baraka, hemofilia na michezo ya shule

Wazazi na walezi wa Darasa la Tano, habari zenu na poleni na majukumu.

Naandika kuhusu jambo ambalo limeanza kuongelewa chini chini toka tulivyotangaza michezo ya madarasa na ile safari ya kimasomo, na kwenye grupu letu nako nimeona maswali. Ni kuhusu Baraka. Wengi mshasikia ana hemofilia, yaani damu yake haigandi inavyotakiwa, na kinachoulizwa ni mtoto wa namna hii anafanya nini uwanjani, na akiumia si lawama zitawaangukia watoto wetu? Wazazi wake wameniruhusu niwaandikie na barua hii wameisoma kabla haijawafikia nyinyi, kwa hiyo hakuna siri ya familia ninayoitoa hapa.

Niseme moja kwa moja: Baraka atashiriki karibu kila kitu. Yapo machache hatoyagusa, ntayataja, lakini kumkalisha benchi kila kipindi cha michezo hatutafanya, na sio kwa sababu tunamwonea huruma, ni kwa sababu kumkalisha kunamuumiza.

Kwanza tuondoe ile picha ya kwamba akijikwaruza tu basi damu inamwagika mpaka inaisha. Hapana jamani. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwanao, ila inachelewa kukoma. Mwilini kuna protini zinazopokezana kazi ya kugandisha damu, ni kama watu waliopanga mstari wanapitishiana ndoo za maji kuzima moto, mmoja akikosekana ndoo zinakwama palepale. Kwa Baraka anayekosekana ni fakta ya nane, hiyo ndo inaitwa hemofilia A. Wapo wengine wanaokosa fakta ya tisa, hao ni hemofilia B. Kwa hiyo akichubuka kiganja au akijikata na karatasi tunasafisha, tunabonyeza kwa dakika kadhaa bila kuchungulia chungulia, plasta, anarudi kwenye dawati lake. Hiyo wala sio dharura.

Pili, haiambukizi. Kuna mtoto mmoja aliwaambia wenzie wasimshike mkono wakicheza kwa sababu "damu yake mbaya", na aliyatoa nyumbani maneno hayo, simtaji mtu. Hemofilia ni ya kurithi, inakaa kwenye kromosomu ya X ndo maana wanaougua wengi ni wavulana, na karibu theluthi moja ya wagonjwa hakuna mtu mwingine kwenye ukoo aliyewahi kujulikana kuwa nayo, inaanza tu kwao. Kwa hiyo hata ile ya kumnyooshea mama yake kidole naomba tuiache. Ilishaingia hadi ikulu, mtoto wa Malkia Viktoria wa Uingereza aitwaye Leopold alikuwa nayo, na Aleksei mtoto wa mfalme wa mwisho wa Urusi pia, sasa sisi ni nani. Baraka mwenyewe hiyo ya Aleksei anaipenda kweli, ameshawasimulia darasa zima.

Sasa tofauti kati ya watoto wa zamani hizo na Baraka ni dawa. Anachomwa fakta kwenye mshipa nyumbani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi kabla hajaja shule, hata kama hajaumia popote, ni kinga. Fakta ya nane ikishaingia mwilini inapungua nusu baada ya kama masaa 12 hivi, kwa watoto mara nyingi hata mapema zaidi, maana yake asubuhi ya sindano ndo anakuwa na ulinzi wa juu kabisa na siku inayofuata umeshashuka. Ndo maana mmeona kwenye ratiba mpya kipindi cha michezo tumekitoa Jumanne na Alhamisi tukakipeleka Jumatatu na Jumatano. Baadhi yenu mliuliza mbona ratiba imebadilishwa katikati ya muhula, sababu ndo hiyo, na hakuna mtoto aliyepoteza kipindi chochote. Michezo ya madarasa nayo tumeiweka Ijumaa kwa sababu hiyohiyo.

Mimi kama mwalimu kinachoniweka macho sio damu ninayoiona, ni ile nisiyoiona. Hatari kubwa ya hemofilia ni kuvujia damu ndani ya viungo, hasa goti, kifundo cha mguu na kiwiko. Hakuna jeraha, hakuna tone. Mtoto anakwambia tu "mwalimu goti linanichezacheza kwa ndani", au linakuwa na joto, ukigusa na lingine unasikia tofauti. Baadae ndo linakaza, linavimba, anaanza kuchechemea. Ukisubiri uvimbe uonekane umeshachelewa, na ikijirudia rudia kwenye kiungo kilekile gegedu inaliwa na goti linaharibika kabisa, mtoto anakuwa na miguu ya mzee. Baraka anajua dalili zake mapema kuliko mtu yeyote, kwa hiyo kanuni yetu ni kwamba akisema anasikia kitu tunamwamini hapohapo, haambiwi "acha kudeka".

Na hapa ndo penye jibu la wale wanaosema bora akae tu. Goti linashikiliwa na misuli. Misuli ya paja ikiwa imara kiungo hakiyumbi ovyo, misuli ikilegea kwa kukaa kaa basi hata kupanda ngazi kunaweza kuleta shida, na uzito ukiongezeka mzigo wote unaangukia magoti na vifundo vilevile. Madaktari wa hemofilia siku hizi wanawaandikia watoto mazoezi kabisa. Sasa mimi niwe nani nimzuie.

Kwa hiyo anaruhusiwa kukimbia, kuogelea (huu ndo bora kuliko yote kwake kwa sababu maji yanabeba uzito), mpira wa vinyoya, baiskeli akiwa na helmeti, mazoezi ya viungo, bustani, ngoma, kwaya, majaribio ya sayansi, na safari ya kimasomo anakwenda kama wengine. Kwenye mpira wa miguu tumekubaliana na daktari wake atafanya mazoezi ya pasi, chenga na penati, lakini mechi yenyewe ya kugombania mpira hachezi na mpira wa kichwa hapigi. Mieleka, ndondi, karate ya kupigana, raga, kupanda miti, hayo hapana kabisa. Kuvuta kamba pia ataachia na siku hiyo atakuwa refa, na mjue ameshaanza kuandaa sheria zake kwenye daftari, kali kuliko zangu.

Akiumia tunajua cha kufanya. Kiungo kikianza kulalamika anaacha mchezo papo hapo, anakaa, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bendeji ya kubana kiasi, mguu unanyanyuliwa, na wazazi wanapigiwa simu wakati huohuo sio baada ya kipindi. Dozi ya akiba ya fakta ipo kwenye friji ya ofisi na mama yake au nesi ndo wanaochoma, sisi walimu hatuchomi. Damu ya pua anakaa wima kichwa kikiinama mbele kidogo, sio kuangalia juu kama wengi tulivyozoeshwa, anabana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15. Akigonga kichwa, au shingo, tumbo au jicho, hapo hatungojei dalili, hata kama anacheka na hakuna nundu anapelekwa hospitali na fakta yake mkononi. Mwalimu wa zamu, dereva wa basi na mpishi wote wameelekezwa, na karatasi yenye namba za simu imebandikwa ofisini nyuma ya mlango.

Dawa: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki Baraka hapewi, zinazidisha kutoka damu. Nalisema kwenu kwa sababu watoto wana tabia ya kugawiana, mmoja anaumwa kichwa mwenzie anatoa kidonge kwenye begi. Tafadhali msiwape vidonge waje navyo shule, vipitisheni ofisini. Hili ni la watoto wote, sio Baraka tu.

Kuna jambo nataka tuelewane vizuri zaidi ya hayo yote. Mwanao akigongana na Baraka, akamkanyaga, akamsukuma kwenye foleni, hatashitakiwa na mtu, wazazi wa Baraka wameliweka wazi na mimi nalirudia. Tunachotaka kwake ni kimoja tu, aseme. Aje mbio aniambie "mwalimu tumegongana, kagonga kichwa". Mtoto aliyetishiwa nyumbani kwamba "ole wako umguse yule, utatuingiza matatizoni" siku hiyo atanyamaza au atakimbilia chooni kujificha, na yale masaa mawili ya kunyamaza ndo yanaweza kumuua mtu, kuliko hata mgongano wenyewe. Kwa hiyo msiwatishe. Waambieni tu damu ya Baraka inachelewa kuganda, wacheze nae, wasipigane nae (wala na mwingine yeyote, kusema kweli), na likitokea la kutokea wamwite mtu mzima.

Na wale waliomtoa kwenye orodha ya sherehe za watoto wao kwa kuogopa, mpigieni mama yake simu muulizane, atawaambia mwenyewe nini cha kuangalia. Ni mtu wa kuongea vizuri na maswali hayamchoshi, tofauti na mimi saa kumi jioni.

Alhamisi hii saa tisa alasiri nesi wa kliniki inayomhudumia Baraka atakuja darasani kwetu kuzungumza na wazazi, njooni na maswali yenu hata yale mnayoona ni ya kijinga. Asiyeweza kufika aniandikie, ntamwulizia. Fomu za safari zirudi kabla ya Jumatano, mpaka sasa nimepokea nusu tu ya darasa, na ya Baraka ndo ilikuwa ya kwanza kurudi.

Wenu,
Mwalimu wa darasa, Darasa la Tano