Ankara namba 27: kumbusho la kwanza hadi ilani ya mwisho

Jumamosi, 21 Juni 2025 (ujumbe wa simu)

Asalaam aleikum dada, habari za hapo Mikindani? Natumaini wageni wa Idi walikula wakaridhika. Nakukumbusha ankara namba 27 ya mzigo wa tarehe 5: pweza kilo 40 kwa shilingi 9,000 kila kilo, changu kilo 35 kwa shilingi 12,000 kila kilo, na usafiri 30,000. Jumla 810,000. Ilikuwa tulipane juzi, tarehe 19. Najua shughuli zilikuwa nyingi. Lipa namba ni ileile iliyo kwenye ankara. Kama umeshatuma, nisamehe usumbufu.

Jumatatu, 30 Juni

Dada, za kazi? Ile 810,000 bado sijaiona. Kama kuna tatizo la uzito au samaki hawakuwa wazima, niambie leo tufungue daftari pamoja. Nakueleza kwa nini nasumbuka: wavuvi wa Msimbati nawalipa taslimu palepale pwani, hawanikopeshi. Bamvua la wiki iliyopita pweza walitoka wengi nami sikuwa na mtaji, wakachukua wengine. Naomba unilipe kufikia Ijumaa. Ukiwa huna yote, anza na nusu.

Jumanne, 8 Julai

Ndugu Meneja,

Shilingi 200,000 ulizotuma Ijumaa nimezipata, ahsante. Zimebaki 610,000. Kwenye simu uliniahidi zilizobaki ningezipata jana, nami sikupata pesa wala neno. Bamvua linaanza tena wiki hii, na oda yako mpya ya pweza nimeiona. Sitaipeleka mpaka deni liishe. Hata likiisha, mizigo miwili itakayofuata ni taslimu wakati wa kupokea. Nasubiri malipo hadi Jumatatu tarehe 14.

Jumatatu, 21 Julai (barua, imepelekwa kwa mkono)

YAH: ILANI YA MWISHO YA DENI LA SHILINGI 610,000

Ndugu Meneja,

Tarehe 14 imepita bila malipo, na simu zangu hazipokelewi. Mzigo ulipokelewa jikoni kwako tarehe 5 Juni, na mpishi wako akasaini hati ya kupokelea. Nakala yake, ya ankara na ya jumbe zetu zote nimeziambatisha.

Nakutaka ulipe shilingi 610,000 zote kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu tarehe 28 Julai 2025. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, njoo kabla ya siku hiyo tuandikiane tarehe na kiasi mbele ya mashahidi wawili. Ahadi ya mdomo siipokei tena.

Siku hiyo ikipita bila malipo wala maandishi, nitafungua madai Mahakama ya Mwanzo, nidai deni pamoja na gharama za kesi. Sitatuma kumbusho lingine.

Saini nakala ya barua hii kuthibitisha umeipokea.

Mama Samaki,
Msimbati, Mtwara