Kuchora mchoro wa obitali za molekuli ya O₂: jibu la swali la tatu, kundi la kemia la mwaka wa kwanza, Kampala

Mchoro wa O=O tuliouzoea tangu sekondari unapanga elektroni zote kwa jozi. Kwa mchoro huo, sumaku isingeivuta oksijeni. Lakini oksijeni kimiminika, ambayo huchemka kwa −183 °C, ikimiminwa kati ya ncha za sumaku kali hunasa palepale. Naitrojeni kimiminika hupita na kumwagika. Swali la tatu linataka mchoro wa obitali za molekuli unaoeleza kwa nini oksijeni huvutwa hivyo.

Anza kwa kuhesabu. Kila atomu ina 2s² 2p⁴, yaani elektroni 6 za nje, jumla 12. Obitali za 1s ziache, maana zinajifuta zenyewe kwenye hesabu. Chora 2s na 2p za atomu moja kushoto, za nyingine kulia, kwa kimo kilekile kwa kuwa atomu ni za aina moja. Katikati weka obitali za molekuli. Obitali 8 zikiingia, lazima 8 zitoke. Ukipata 7, umesahau kwamba π huja mbilimbili.

Jaza kutoka chini:

```
σ*2p   __
π*2p   ↑   ↑
π2p    ↑↓  ↑↓
σ2p    ↑↓
σ*2s   ↑↓
σ2s    ↑↓
```

Hapa ndipo wengi huteleza: wanaweka π2p chini ya σ2p. Mpangilio huo ni wa B₂, C₂ na N₂, ambako 2s na 2p zimekaribiana kiasi cha kuchanganyika na kuisukuma σ2p juu. Katika oksijeni kiini kina protoni 8 na huivuta 2s chini sana, hivyo mchanganyiko ni hafifu. Kwa O₂ kosa hilo halibadilishi jibu la mwisho, lakini mchoro bado si sahihi.

Kosa linaloharibu jibu zima ni kuziweka elektroni 2 za mwisho pamoja kwenye π* moja. Obitali hizo mbili zina nishati sawa, na kanuni ya Hund inataka kila elektroni ikae peke yake, spini zikielekea upande mmoja.

Oda ya bondi: unganishi 8, pinzani (zenye nyota) 4; (8 − 4)/2 = 2. Bondi mbili, kama ule mchoro wa zamani, ila sasa kuna elektroni 2 zisizo na jozi. Hizo ndizo chanzo cha uparamagneti, yaani kuvutwa na sumaku. Momenti ya sumaku ni √(n(n + 2)), n ikiwa idadi ya elektroni zisizo na jozi: √(2 × 4) = 2.83 magnetoni za Bohr.

Jipime kwa urefu wa bondi. Ondoa elektroni moja ya π* upate O₂⁺: oda 2.5, na bondi hufupika kutoka pm 121 hadi 112. Ongeza mbili upate O₂²⁻: oda 1, karibu pm 149, na jozi zimekamilika, kwa hiyo uparamagneti umetoweka.

Usijaribu haya kwa sumaku na mtungi wa oksijeni wa hospitali. Ikinata, imenata kwenye chuma cha mtungi. Mvuto wa gesi yenyewe ni mdogo mno kuuhisi kwa mkono.