Wasifu wa Kazi kwa Maombi ya Uhamisho wa Ndani: Kutoka Mapokezi ya Nafaka kwenda Maabara ya Ubora

Jina: Rehema Mwakyusa
Namba ya mfanyakazi: 0417
Cheo cha sasa: Msimamizi wa Mapokezi ya Nafaka, Idara ya Ghala, kiwanda cha unga, Dodoma
Nafasi ninayoomba: Fundi Maabara Daraja la II, Idara ya Udhibiti Ubora (tangazo la ndani la tarehe 26 Mei 2025)
Tarehe: 9 Juni 2025

Msimamizi wangu anazo taarifa za maombi haya na amesaini fomu ya uhamisho.

Kwa nini maabara

Sumukuvu haikai sawasawa kwenye shehena. Punje chache zilizooza ndani ya gunia moja zinaweza kubeba karibu sumu yote, kwa hiyo kosa kubwa la kipimo hutokea wakati wa kuchukua sampuli, kabla mashine haijawashwa. Hatua hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Naomba sasa niifuate sampuli hadi kwenye jibu.

Kazi ya sasa (Februari 2021 hadi leo)

Napokea magari 6 hadi 9 kwa siku wakati wa msimu, mengi yakitoka Kibaigwa, Songea na Sumbawanga. Nasimamia wapimaji wawili na vibarua wa kushusha.

Kwa gari la magunia 300 tunachoma bambo magunia 18, yaani kipeuo cha pili cha idadi yote, tukipandisha hadi namba kamili inayofuata. Tunachoma gari likiendelea kushushwa: juu, katikati na chini. Tulipokuwa tukichoma ya juu tu kabla ya kushusha, magunia ya chini yaliyolowa mvua njiani yalitupita. Sampuli zote huchanganywa, zikalundikwa na kugawanywa robo nne, robo mbili za mkabala zikabaki, na kazi ikarudiwa hadi ipatikane sampuli ya maabara ya kilo 5. Huwekwa lakiri na namba ya gari mbele ya dereva.

Unyevu napima mara tatu na kuchukua wastani. Mwisho unaokubalika kwa kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Machi 2023 kipimo kimoja cha mkononi kilikuwa kikisoma pungufu kwa 0.8: mahindi ya 14.1 yalionekana 13.3 na kupita. Chanzo kilikuwa mpangilio wa ngano uliobaki kwenye kifaa. Tangu hapo kila Jumatatu nalinganisha vipimo vyote na oveni ya maabara, na matokeo yapo kwenye daftari la mapokezi.

Mahindi yanayokubaliwa kwa kukaushwa nayakokotolea uzito hivi:

```
uzito mkavu = uzito × (100 − unyevu) ÷ 86.5
30,000 × (100 − 15) ÷ 86.5 = 29,480
```

Kilo 520 hizo ni maji. Zamani zilionekana kama upotevu wa ghala na kuzua ugomvi na uhasibu. Sasa zinaandikwa kwenye hati ya mapokezi siku hiyohiyo.

Nasimamia pia ukaguzi wa dumuzi na fukusi kila wiki, na ufukizaji wa fosfini chini ya turubai, angalau siku 7. Turubai likitoboka au mifuko ya mchanga pembeni ikilegea gesi hutoka, mayai hubaki hai, na wadudu hurudi baada ya wiki chache.

Kazi ya awali (Aprili 2018 hadi Januari 2021)

Karani wa mizani ya magari, kiwanda hikihiki.

Ninachokifahamu maabara, na nisichokifahamu

Mwaka 2024 nilishikizwa maabara kwa wiki 6. Nasaga sampuli hadi ipite chekecheo, nachanganya, nakamua kwa alkoholi, nachuja na kusoma utepe wa aflatoksini. Naelewa kwa nini kinu lazima kisafishwe kati ya sampuli: vumbi la shehena chafu huichafua inayofuata. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa B1.

Sijawahi kupima madini chuma kwenye unga uliorutubishwa, wala kuandaa kumbukumbu za ukaguzi wa Shirika la Viwango. Haya nitahitaji kuyafanya chini ya fundi mkuu kabla ya kuachiwa zamu peke yangu.

Elimu na mafunzo

Stashahada ya Kilimo, Uyole, Mbeya, 2017. Kidato cha Nne, 2013. Mafunzo ya kiwandani: usalama wa chakula (2022), matumizi salama ya viuatilifu (2021), huduma ya kwanza (2023). Natumia Excel kwa hesabu za ghala.

Makabidhiano

Msimu wa mavuno umeanza, hivyo sipendekezi kuondoka mara moja. Mpimaji mwandamizi wa zamu ya asubuhi anaweza kushika nafasi yangu baada ya wiki 4: mbili akinifuata, mbili akiongoza nami nikimwangalia. Daftari la vipimo, funguo za stoo ya viuatilifu na orodha ya lakiri nitakabidhi kwa maandishi.

Wadhamini wa ndani: Meneja wa Ghala, Fundi Mkuu wa Maabara aliyenisimamia 2024.

Nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli na yanaweza kulinganishwa na jalada langu la utumishi.

R. Mwakyusa