YAH: Kukubali nafasi ya Msimamizi wa Ghala, Mwanza, na mambo ninayoomba tuyathibitishe

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Habari za kazi.

Nimepokea barua yenu ya Jumatatu, 26 Januari 2026, ya kunipa nafasi ya Msimamizi wa Ghala katika tawi la Mwanza. Nashukuru sana, na ninaikubali kwa moyo mkunjufu. Kabla sijaisaini na kuirudisha, naomba tuweke sawa mambo machache kwa maandishi, maana mengine tuliyazungumza kwa simu tu.

Kwanza ni tarehe ya kuanza. Barua inasema Jumatatu, 16 Februari. Mkataba wangu wa sasa unanitaka nitoe notisi ya siku 28. Nikikabidhi barua ya kuacha kazi Ijumaa hii, tarehe 30, notisi itaisha Ijumaa, 27 Februari. Kwa hiyo naomba nianze Jumatatu, 2 Machi 2026, saa 2:00 asubuhi. Sipendi kuondoka kabla ya kuhesabu stoo pamoja na atakayenipokea; mzigo niliousaini mimi nataka niukabidhi mimi.

Suala la mshahara ndilo linalonifanya niandike kwa urefu. Barua imetaja shilingi 1,650,000 kwa mwezi, bila kusema kama ni kabla au baada ya makato. Kwenye simu ya wiki iliyopita nilisikia neno "mkononi". Nimepiga hesabu nikichukulia kuwa ni kabla ya makato: NSSF asilimia 10 ni 165,000, kodi ya mapato kwenye 1,485,000 inayobaki ni 273,500, nabaki na 1,211,500. Bado nina deni la Bodi ya Mikopo, ambalo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kama kiasi chote ni mshahara wa msingi, hiyo ni 247,500, na kitakachoingia benki ni 964,000. Kati ya hiyo na 1,650,000 ya mkononi kuna pengo la kodi ya nyumba na ada ya mtoto. Nitaipokea kazi hata kama kiasi hicho ni kabla ya makato, ila nataka nijue sasa nipange maisha yangu, nisije nikashangaa mwisho wa Machi. Naomba pia mniandikie ni kiasi gani cha mshahara wa msingi na kiasi gani cha posho ya nyumba, kama ipo, na tarehe ambayo mishahara hulipwa.

Kuhusu ninayeripoti kwake: kwenye usaili niliambiwa ni Meneja Ugavi aliyeko makao makuu, Dar es Salaam. Barua inasema Meneja wa Tawi, Mwanza. Mimi niko tayari kwa yeyote kati yao, lakini naomba awe mmoja. Nilikotoka niliwahi kuwa na wakubwa wawili; siku moja mmoja aliagiza magunia 200 yatoke, mwingine akaagiza yasitoke, gari limeshapakiwa liko getini. Aliyeandikiwa barua ya kujieleza ni mimi. Basi naomba itajwe nani anaidhinisha mzigo kutoka, nani anasaini likizo yangu, na nani atanipima mwishoni mwa muda wa majaribio. Muda huo wa miezi sita nimeukubali.

Mahali pa kuajiriwa pameandikwa Mwanza. Kituo cha kazi ni Mwanza kweli, lakini mimi mmeniajiri nikiwa Dar es Salaam, na kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini jambo hilo lina uzito siku mkataba unapoisha, hasa kwenye nauli ya kurudi. Naomba mstari huo usomeke "Dar es Salaam". Gharama za kuhamisha mizigo yangu kwenda Mwanza mlisema mtazibeba. Naomba nazo ziingie kwenye barua.

Saa 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 ziko sawa, sina swali.

Naomba jibu lenu, au barua iliyorekebishwa, ifikapo kesho Alhamisi jioni, kwa sababu sitakabidhi barua ya kuacha kazi kabla ya kulipata. Nikilipata nitasaini siku hiyohiyo na kuwatumia pamoja na nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, namba ya NSSF na akaunti ya benki.

Asante kwa kuniamini. Nimelitembelea ghala hilo siku ya usaili, nikaona rafu za nyuma na mlango wa kupakulia, na tayari nina mawazo ya pa kuanzia.

Wako katika kazi,
Rehema
Dar es Salaam, 28 Januari 2026