Thamani aigeni ya k bila kuzijua zilizotangulia

Jumatano tuliishia pabaya. Mwenzenu mmoja aliyekaa nyuma aliuliza hivi: "Mwalimu, umesema λ2 inapatikana kwa kutafuta thamani ndogo kabisa ya R katika vekta zilizo pembe mraba na v1. Sasa nikikosea v1 kidogo, λ2 nayo si inaharibika?" Muda ulikuwa umekwisha, nikajibu kwa haraka, na jibu lenyewe halikunyooka. Karatasi hii ni ya kulipa deni hilo. Isomeni kabla ya kipindi cha Jumatatu, kalamu ikiwa mkononi.

Tukumbushane alama kwanza. A ni matriksi linganifu ya n × n yenye namba halisi, yaani ukiigeuza safu mlalo kuwa safu wima inabaki ileile. Thamani zake aigeni zote ni namba halisi, nasi tunazipanga kuanzia ndogo:

λ1 ≤ λ2 ≤ ... ≤ λn

Vekta zake aigeni v1, v2, ..., vn tunaweza kuzichagua ziwe na urefu wa 1 na kila moja iwe pembe mraba na zenzake. Angalieni mpangilio huu, maana vitabu vingi huanza na kubwa, na hapo min na max hubadilishana viti. Nusu ya makosa ninayosahihisha kwenye mada hii yanatoka hapo tu.

Uwiano wa Rayleigh ni

R(x) = xᵀAx / xᵀx, x ≠ 0

Ukiandika x = c1v1 + c2v2 + ... + cnvn, unapata

R(x) = (λ1c1² + ... + λncn²) / (c1² + ... + cn²)

Huu ni wastani wa thamani aigeni, na mizani yake ni c1², c2² na kuendelea. Wastani hauwezi kushuka chini ya kilicho kidogo kabisa wala kupanda juu ya kilicho kikubwa kabisa. Kwa hiyo R yote inaishi kati ya λ1 na λn, na ncha zote mbili zinafikiwa. Hadi hapo hakuna shida. Shida ni za katikati. Njia ya Jumatano inakwenda kwa foleni: pata v1, kisha jifungie kwenye vekta zilizo pembe mraba nayo upate λ2 na v2, kisha jifungie tena. Ukitaka λ7, lazima uwe umekwisha kuzijua vekta sita, tena bila kosa.

Ernst Fischer mwaka 1905 alionyesha kwamba foleni hiyo si ya lazima. Richard Courant akaipeleka hoja hiyo mwaka 1920 kwenye milinganyo tofautishi ya fizikia, ndiyo maana nadharia inabeba majina ya wote wawili. Inasema hivi:

λk = min (S yenye dimensheni k) ya max (x katika S, x ≠ 0) ya R(x)

Isomeni kama watoto wawili wanaogawana mkate: mmoja anakata, mwingine anachagua. Wa kwanza anachagua nafasi-tanzu S, yoyote anayotaka, mradi dimensheni yake iwe k. Wa pili anaingia ndani ya S hiyo na kuchukua vekta yenye R kubwa kabisa. Wa kwanza anajua mwenzake atafanya hivyo, kwa hiyo anakata kwa namna ya kumbana: S ambayo hata kilicho kikubwa kabisa ndani yake ni kidogo iwezekanavyo. Akicheza vizuri kabisa, mwenzake anaondoka na λk, si zaidi. Hakuna v1 wala v2 iliyotajwa popote.

Uthibitisho una hatua mbili. Kwanza, mkataji anaweza kufika λk: achukue S inayozalishwa na v1, ..., vk. Humo R ni wastani wa λ1 hadi λk, kwa hiyo haizidi λk, na kwenye vk inaifikia. Pili, hawezi kushuka chini ya hapo. Hatua hii ndiyo roho ya jambo zima, basi tulieni. Chukueni S yoyote ya dimensheni k. Chukueni pia T inayozalishwa na vk, vk+1, ..., vn, ambayo dimensheni yake ni n − k + 1. Jumlisheni: k + (n − k + 1) = n + 1. Nafasi mbili ambazo dimensheni zake zinajumlika kuzidi n haziwezi kukwepana ndani ya chumba chenye n; lazima ziwe na vekta ya pamoja isiyo sifuri. Vekta hiyo imo ndani ya T, kwa hiyo R yake ni wastani wa λk na kuendelea juu, haiwezi kuwa chini ya λk. Imo pia ndani ya S, kwa hiyo mchaguaji ameiona. Basi kila S ina max isiyopungua λk. Imekwisha.

Kwa hoja hiyohiyo iliyopinduliwa tunapata sura ya pili:

λk = max (S yenye dimensheni n − k + 1) ya min (x katika S, x ≠ 0) ya R(x)

Sasa mfano. Chukueni gololi tatu zenye uzito sawa zilizopangwa mstari mmoja kati ya kuta mbili, zimeunganishwa kwa springi nne zinazofanana: ukuta kwa gololi, gololi kwa gololi, gololi kwa gololi, gololi kwa ukuta. Matriksi yake ni

```
 2  -1   0
-1   2  -1
 0  -1   2
```

na sehemu ya juu ya R, ukiipanga vizuri, ni x1² + (x1 − x2)² + (x2 − x3)² + x3². Kila mraba ni springi moja inayovutwa au kubanwa.

Tuitafute λ2. Hapa n = 3 na k = 2, kwa hiyo S ni bapa linalopita kwenye asili. Tujaribu mabapa kadhaa kama mtu anayepima nguo dukani.

Bapa x3 = 0. Gololi ya tatu imeshikwa. Inabaki matriksi ya 2 × 2 yenye 2 kwenye ulalo na −1 pembeni. Thamani zake aigeni ni 1 na 3. Max ni 3. Kwa hiyo λ2 ≤ 3.

Bapa x1 + x2 + x3 = 0. Ndani yake kuna (1, 0, −1) yenye R = 2, na (1, −2, 1) yenye R = 20/6, yaani takriban 3.33. Ya kwanza ni vekta aigeni na ya pili iko pembe mraba nayo, kwa hiyo hakuna kinachochanganyika na max ni 3.33. Mkato mbaya kuliko ule wa kwanza.

Bapa x2 = 0. Sasa gololi ya katikati ndiyo iliyoshikwa. Vekta ni (a, 0, b), na R = (2a² + 2b²)/(a² + b²) = 2. Popote utakaposimama kwenye bapa hili, R ni 2, haipandi wala haishuki. Max ni 2, kwa hiyo λ2 ≤ 2. Lakini min nayo ni 2, na kwa kuwa n − k + 1 = 2, sura ya pili inatumia mabapa vilevile, nayo inasema λ2 ≥ 2. Basi λ2 = 2 barabara. Hatukufungua determinanti, hatukutatua mlinganyo wa daraja la tatu, na v1 hatuijui bado.

Nakiri mfano umechaguliwa ili utoke hivyo. Kwa kawaida bapa moja halikupi pande zote mbili. Ila mnaweza kuhakikisha kwa njia ya kawaida: thamani ni 2 − √2 (takriban 0.586), 2, na 2 + √2 (takriban 3.414), na v1 ina mwelekeo wa (1, √2, 1). Mkichunguza mtaona v1 hiyo haimo kwenye bapa x2 = 0. Kwa hiyo bapa bora si moja tu, na wala si lazima liwe lile la v1 na v2. Wanafunzi wengi hudhani uthibitisho umesema hivyo. Haukusema.

Na lile bapa la x3 = 0 lilikwama wapi? T ni bapa la v2 na v3, yaani vekta zenye x1 + √2·x2 + x3 = 0. Mabapa mawili yakipita kwenye asili lazima yakutane kwenye mstari, na hapa mstari huo unabeba (√2, −1, 0). R yake ni (6 + 2√2)/3, takriban 2.943. Imezidi 2, kama hoja ilivyodai.

Sasa turudi kwa aliyeuliza. Badala ya v1 sahihi umeshika w nyingine, halafu umetafuta min ya R katika vekta zilizo pembe mraba na w. Vekta hizo ni nafasi-tanzu ya dimensheni n − 1, na kwa k = 2, n − k + 1 ni hiyohiyo n − 1. Umesimama ndani ya sura ya pili. Kwa hiyo ulichopata hakizidi λ2 kamwe. Kosa lako linashusha tu, halipandishi. Kwa gololi zetu, w = (0, 0, 1) inakupa 1, chini ya 2; w = (1, 1, 1), ambayo ni makisio ya kivivu ya v1, inakupa 2 kamili. Sikulisema hili Jumatano, na nilipaswa kulisema.

Jambo moja zaidi, maana linaingia kwenye mtihani mara kwa mara. Ongezeni springi ya tano kutoka gololi ya katikati moja kwa moja hadi kwenye ukuta mmoja, kiasi kwamba namba ya katikati ya ulalo inakuwa 3. Kila R(x) imeongezeka au imebaki palepale. Basi max ya kila S haikupungua, na min ya hizo max haikupungua: kila λk inapanda au inakaa. Na λ2? Kwenye bapa x2 = 0 springi mpya haivutwi, R bado ni 2, hoja ileile inasimama. Hesabuni wenyewe: thamani mpya ni 1, 2 na 4.

Msijaribu haya kwenye matriksi isiyo linganifu. Ile ya 2 × 2 yenye 1 kwenye kona ya juu kulia na sifuri kwingine kote ina thamani aigeni sifuri tupu, lakini R kwenye (1, 1) ni 1/2.

Zoezi la Jumatatu: gololi nne, springi tano. Tafuteni bapa linaloonyesha kwamba λ2 haizidi 1.5, bila kuitafuta λ1.